Daigonali Zikilingana, Bado Usichimbe Msingi

Fundi akishafunga kamba, akapima kutoka kona hadi kona na kukuta namba ileile pande zote mbili, kwa kawaida hutangaza kuwa nyumba imekaa mraba, na vibarua wakashika majembe. Mara nyingi huwa sahihi. Lakini nyumba iliyopinda nayo inaweza kuwa na daigonali zinazolingana hadi sentimita ya mwisho, na kinachoifikisha huko mara nyingi ni marekebisho aliyofanya fundi mwenyewe ili zilingane.

Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 9, kipimo kikiwa nje ya ukuta hadi nje ya ukuta. (Hili nalo ulizeni mapema. Ramani ikitoa vipimo vya katikati ya ukuta na fundi akavisoma kama vya nje, hakuna daigonali itakayomstua.) Kazi huanzia kwenye mstari mama wa mbele. Kutoka kwenye mstari unaounganisha bikoni mbili za barabarani, pima umbali uleule kuingia ndani, karibu na kila bikoni, kisha vuta kamba. Juu ya kamba hiyo piga kigingi A kushoto na kigingi B kulia, mita 12 kutoka A, kila kimoja kikiwa na msumari kichwani, kwa sababu kigingi kina unene na msumari hauna. Usifuate mipaka ya pembeni ya kiwanja kupata kuta za pembeni. Viwanja vingi havina kona za nyuzi 90, hata vilivyopimwa rasmi.

Sasa inatafutwa kona ya A, na hapa ndipo inapoingia tatu-nne-tano. Pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5 ina kona mraba pale zinapokutana 3 na 4, kwa sababu 9 na 16 ni 25. Fundi hupima mita 4 kutoka A kwenye kamba ya mbele na kutia alama, kisha huvuta mita 3 kutoka A kwenda nyuma na mita 5 kutoka kwenye ile alama. Futikamba mbili zinapokutana, hapo ndipo kamba ya pembeni inapaswa kupita.

Kanuni haina kasoro; udhaifu uko kwenye udogo wa pembetatu. Tuseme ile mita 5 imesomwa vibaya kwa sentimita 2 tu, kwa upepo, kwa kulegea kwa futikamba, au kwa kushika pete yake badala ya sifuri. Kamba ya pembeni ikirefushwa hadi mita 9, kona ya nyuma itakuwa imehama kama sentimita 7 na nusu. Kosa hilohilo kwenye pembetatu ya 6, 8 na 10 huhamisha kona chini ya sentimita 4. Kwenye 9, 12 na 15, ni sentimita 2 na nusu. Kwa hiyo tumia pembetatu kubwa kuliko zote zinazoenea kwenye kiwanja. Mimi tatu-nne-tano ya mita naiachia kazi za choo na banda la kuku.

Nyumba yetu imebahatika, maana yenyewe ni pembetatu hiyo mara tatu. Vuta mita 9 kutoka A na mita 15 kutoka B. Zinapokutana piga kigingi D, nyuma ya A. Kisha vuta mita 9 kutoka B na mita 15 kutoka A, upate kigingi C, nyuma ya B. Urefu wa D hadi C bado haujapimwa na mtu yeyote, kwa hiyo ndio shahidi wako. Ukisoma 12.00, kazi imekaa. Nyumba isiyo na namba nzuri hivi hutafutiwa daigonali kwa simu: zidisha urefu kwa urefu na upana kwa upana, jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Ya mita 11 kwa 8 itakupa 13.60.

Turudi kwenye ule mtego. Fundi mwingine amepata kona ya A kwa pembetatu ndogo na kuta za pembeni zikalala kidogo kuelekea kulia, ingawa kila upande una urefu wake sahihi. Anapima A hadi C, anapata 15.04. Anapima B hadi D, anapata 14.96. Tofauti ni sentimita 8. Kinachofuata nimekiona mara nyingi: anang'oa kigingi C na kukisogeza kushoto kidogo kidogo hadi futikamba isome 14.96, sawa na ile nyingine. Imechukua sentimita 10. Daigonali sasa zinalingana, na ukuta wa nyuma una mita 11.90 wakati wa mbele una 12. Nyumba imebanwa nyuma, na ni fundi wa marumaru atakayeligundua, vipande vyake vya pembeni vitakapoanza vipana na kuisha vyembamba.

Daigonali zinazolingana huthibitisha umraba pale tu pande zinazotazamana zilipokwisha kulingana. Ndiyo maana pande nne hupimwa kwanza, na kupimwa tena baada ya kila marekebisho. Pia namba yenyewe husema: kwa nyumba hii daigonali sahihi ni 15.00, kwa hiyo 14.96 mbili ni makosa mawili yaliyokubaliana.

Dawa ni kusogeza C na D kwa pamoja, kwa umbali mmoja, kuelekea kona ya nyuma inapoishia daigonali fupi. Hapa daigonali fupi inaishia D, kushoto, basi vigingi vyote viwili vinakwenda kushoto sentimita 5. Kiasi hicho kinapatikana kwa kuzidisha tofauti ya daigonali kwa urefu wa daigonali moja, kisha kugawa kwa urefu wa mbele mara mbili: 8 mara 15, gawa kwa 24. Mstari wa mbele usiguswe, kwa sababu ndio uliopimwa kutoka kwenye bikoni.

Haya yote yanadai futikamba ilale usawa wa maji. Kiwanja kikishuka mita 1 ndani ya mita 12 na ukapima kwa kufuata ardhi, utapata nyumba ya mita 11.96. Kwenye mteremko, mbao za profaili ndizo zinazookoa: zipigwe nje ya kila kona, mita moja au zaidi kutoka ukingo wa mtaro, zote kwenye usawa mmoja uliopatikana kwa mpira wa maji, na vipimo vichukuliwe kwenye kamba zilizo juu yake. Profaili hizo ndizo pia zitakazobaki na misumari ya mistari yako wakati vigingi vya kona vimeshachimbuliwa. Ukiona fundi anachimba bila profaili, muulize atapata wapi kona ya tofali la kwanza.

Kwa nyumba ya ukubwa huu, tofauti ya sentimita moja kati ya daigonali naikubali. Ikifika tatu, simamisha vibarua na upime upya pande zote nne, kwa sababu kusogeza kamba ni kazi ya nusu saa na kusogeza mtaro ni kazi ya siku nzima.