Jinsi ya kubadili mtindo wa picha ya agaseke bila kupoteza umbo lake

Agaseke, kikapu cha Rwanda chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, hutambulika kwa umbo lake. Muuzaji wa Kigali anayetaka picha ya kikapu chake ionekane kama mchoro wa rangi za maji anaweza kutumia akili mnemba. Hata hivyo, maelezo ya maneno peke yake mara nyingi huzaa kikapu kingine: kifuniko hufupishwa na tumbo hupanuliwa.

ControlNet, mbinu iliyotangazwa mwaka 2023, huipa programu ya Stable Diffusion ramani inayotokana na picha halisi. Ramani ya Canny huchora mistari ya kingo, lakini hunasa pia mapambo yaliyosukwa, hivyo mapambo hayo huendelea kujitokeza katika mtindo mpya. Ramani ya kina huonyesha sehemu za karibu kwa weupe na za mbali kwa weusi. Huhifadhi umbo na kuyaacha mapambo huru. Ili umbo hilo lisichanganyike na mandhari, kikapu kipigwe picha mbali na ukuta.

Nguvu ya ramani ianzie 1. Mtindo usipojitokeza, ipunguzwe hadi 0.8, kisha 0.6. Kila mara picha mpya ififishwe nusu na kuwekwa juu ya ile ya awali: ncha ya kifuniko ikihama, nguvu imepunguzwa kupita kiasi.

Kwa kuwa ramani ya kina hailindi mapambo, mnunuzi aonyeshwe pia picha halisi, asije akapokea kikapu tofauti na alichokiona.