Tarehe 1 Januari, Karani Atangue Nini?

Vitabu vya mwaka vikishafungwa tarehe 31 Desemba, kuna kazi ndogo inayomsubiri karani wa hesabu tarehe 1 Januari: kutangua baadhi ya maingizo aliyoyaandika jana yake. Mwenye biashara akichungulia leja anaweza kudhani karani anacheza, maana anamwona kama fundi aliyejenga ukuta jioni na kuubomoa asubuhi. Lakini kwa mishahara ambayo haijalipwa, kazi hii inaokoa hesabu za Januari. Kwa kodi ya pango iliyolipwa mapema, inaweza kuziharibu.

Chukulia karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam. Ina mafundi 8, kila mmoja analipwa shilingi 25,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na sikukuu inahesabiwa kama siku ya kazi. Malipo hutolewa Jumamosi jioni, jumla shilingi 1,200,000. Tarehe 31 Desemba 2025 iliangukia Jumatano. Mafundi walikuwa wameshafanya kazi Jumatatu, Jumanne na Jumatano, lakini hela yao ingetoka Jumamosi, tarehe 3 Januari 2026. Jasho la siku hizo 3 ni la mwaka 2025, hata kama noti zilitoka 2026.

Kwa hiyo jioni ya Jumatano karani anaandika ingizo la marekebisho: debiti gharama za mishahara 600,000, krediti mishahara inayodaiwa 600,000. Gharama inaingia kwenye mwaka wake, na mizania inakiri kwamba karakana inadaiwa na mafundi. Kisha akaunti za gharama zinafungwa na kuuanza mwaka mpya zikiwa na sifuri. Deni la mafundi halifungwi. Linavuka mwaka likiwa na 600,000 zake.

Jumamosi inafika. Anayelipa anafanya kama anavyofanya kila Jumamosi: debiti gharama za mishahara 1,200,000, krediti fedha taslimu 1,200,000. Mikono imeshazoea. Kumbe ndani ya kiasi hicho mna 600,000 ambazo tayari zilishahesabiwa Desemba. Siku 3 za mafundi zimekuwa gharama mara mbili, faida ya Januari imepungua kwa 600,000, na akaunti ya mishahara inayodaiwa imebaki na deni ambalo hakuna fundi anayelidai. Deni hilo la mzimu linaweza kukaa hapo hadi mkaguzi aje kuuliza ni la nani.

Dawa moja ni kumtaka karani akumbuke, Jumamosi hiyo moja tu ya mwaka, kuyagawa malipo: 600,000 zifute deni, 600,000 ziwe gharama ya Januari. Ni sahihi kabisa, ila inategemea kumbukumbu ya mtu aliyetoka likizo, na mara nyingine anayelipa si yule aliyefunga vitabu. Dawa ya pili ndiyo kutangua. Kwa tarehe 1 Januari andika ingizo la Jumatano kichwa chini: debiti mishahara inayodaiwa 600,000, krediti gharama za mishahara 600,000. Ofisi ikiwa imefungwa kwa sikukuu, ingizo linaweza kuandikwa tarehe 2, mradi libebe tarehe 1 na liwe limeingia kabla ya malipo ya Jumamosi.

Sasa akaunti ya gharama za mishahara ina salio la krediti la 600,000, jambo linaloonekana la ajabu: gharama iliyo chini ya sifuri. Usiiguse. Jumamosi 1,200,000 zinaingia kwa mtindo uleule wa kila wiki, zinakutana na zile 600,000 za upande wa pili, na kinachobaki ni 600,000, yaani Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Deni nalo limeshakwisha. Hata kama Jumanne ile fundi mmoja alibaki usiku na karani hakujua, tuseme malipo yakawa 1,230,000, zile 30,000 za ziada zitaangukia Januari zenyewe bila mtu kurudi kufungua vitabu vya mwaka uliopita. Kwa kiasi kidogo namna hiyo, hakuna atakayelalamika.

Kodi ya pango ni habari nyingine. Wenye nyumba wengi mjini hutaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Karakana yetu inalipa 500,000 kwa mwezi, na tarehe 1 Oktoba 2025 ilitoa 3,000,000 za kufika mwisho wa Machi 2026. Mwisho wa Desemba miezi 3 imeshaliwa, miezi 3 imebaki. Kabla ya kutangua chochote, karani ajibu swali moja: Oktoba zile 3,000,000 ziliandikwa wapi?

Kama ziliandikwa zote kwenye gharama za kodi, marekebisho ya Desemba yalikuwa kuitoa humo sehemu ambayo haijatumika: debiti kodi iliyolipwa kabla 1,500,000, krediti gharama za kodi 1,500,000. Ingizo hili linatanguliwa. Tarehe 1 Januari zile 1,500,000 zinarudi kwenye gharama, na kufika Machi zote zitakuwa kweli zimetumika.

Lakini kama Oktoba ziliandikwa kwenye kodi iliyolipwa kabla, yaani kama mali, marekebisho yalikwenda kinyume: debiti gharama za kodi 1,500,000, krediti kodi iliyolipwa kabla 1,500,000. Hili usilitangue. Ukilitangua, mali inarudi kuwa 3,000,000 wakati mwenye nyumba anakudai uondoke au ulipe tena baada ya miezi 3, na gharama za kodi za mwaka mpya zinaanza na krediti ya 1,500,000 isiyo na malipo yoyote ya kuja kuifuta. Hata ukitoza 500,000 kila mwezi hadi Machi, vitabu vitasema karakana ilikaa bure robo ya kwanza ya mwaka, na bado ina 1,500,000 kwa mwenye nyumba. Kulitambua kosa hili si kazi: chukua mkataba, hesabu miezi iliyobaki, zidisha kwa kodi ya mwezi. Jibu lisipolingana na salio la kodi iliyolipwa kabla, kuna kitu kimetanguliwa kisichotakiwa.

Hata pale kutangua kodi kunapokubalika, mimi siupendi sana mtindo huo kwa biashara inayoangalia faida yake kila mwezi. Januari itabeba kodi ya 1,500,000 peke yake, Februari na Machi zitaonekana hazina pango, na mwenye karakana atadhani Januari ilikuwa mbaya. Kwa mwaka mzima hesabu ni sawa; kwa mwezi mmoja mmoja zinapotosha. Heri kodi iandikwe kama mali tangu siku ya malipo, kisha itolewe 500,000 kila mwezi. Hapo hakuna cha kutangua.

Wanaotumia programu wawe macho na jambo moja zaidi. Katika QuickBooks, kwa mfano, ukifungua ingizo la marekebisho na kubonyeza `Reverse`, programu inaandika ingizo la kutangua kwa tarehe ya kwanza ya mwezi unaofuata. Karani asiyejua kwamba mwenzake alishabonyeza ataandika lake kwa mkono, na 600,000 zitatanguliwa mara mbili. Dalili yake ni akaunti ya mishahara inayodaiwa kuonyesha kwamba mafundi ndio wanaodaiwa na karakana.

Kwa hiyo mwenye biashara, malipo ya kwanza ya Januari yakishatoka, mwombe karani akuonyeshe akaunti hiyo moja ya mishahara inayodaiwa kama ilivyo Jumamosi jioni. Inapaswa kusoma sifuri.