Asilimia 5 ya Kiasi Gani?

Mwenye kibanda cha nafaka katika soko la Kongowea, Mombasa, anataka mkopo wa shilingi 100,000 anunue ndengu na maharagwe kabla bei haijapanda. Mkopeshaji anamwambia riba ni asilimia 5 kwa mwezi. Wengi hutia sahihi papo hapo, ilhali bado hawajaambiwa jambo kubwa zaidi: ni asilimia 5 ya kiasi gani?

Tuseme wamekubaliana alipe deni lote kwa mkupuo mmoja baada ya miezi 12. Kama riba ni ya kawaida, kila mwezi inapigwa juu ya zile 100,000 alizochukua, basi. Ni shilingi 5,000 mwezi wa kwanza, 5,000 wa pili, na hivyo hivyo hadi wa mwisho. Riba yote ni 60,000, na siku ya kulipa atatoa 160,000.

Riba limbikizi huanza sawasawa na hiyo. Mwezi wa kwanza ni 5,000 vilevile, ila kwa kuwa haikulipwa, inaingizwa ndani ya deni. Mwezi wa pili unaanza na 105,000, na riba yake ni 5,250. Hizo 250 za ziada ni riba iliyozaliwa na riba. Mwezi wa tatu unaanza na 110,250, riba inakuwa 5,512.50. Ukiwa na kikokotoo, zidisha 100,000 kwa 1.05 mara 12 mfululizo, utapata takriban 179,586. Tofauti ni karibu shilingi 19,600 kwa mkopo uleule na asilimia ileile.

Katika miezi ya mwanzo tofauti hiyo haionekani, na hapo ndipo watu hunaswa. Baada ya miezi mitatu ni shilingi 763 tu. Lakini deni likiachwa miaka miwili, riba ya kawaida itafikisha 220,000, na ile limbikizi itapita 322,000.

Je, mwenye kibanda akilipa zile 5,000 kila mwezi bila kukosa? Basi hakuna riba inayobaki ya kulimbikizwa, deni linakaa palepale 100,000, na hesabu zote mbili zinatoa jibu moja. Kinacholimbikizwa ni riba isiyolipwa. Kwa hiyo anayeumizwa zaidi ni yule aliyekosa rejesho kwa sababu mvua ilifunga barabara au mteja wa jumla alichelewesha pesa. Kwa mikopo ya benki, sheria ya Kenya imeweka ukomo tangu 2007: mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba inayoongezwa baada ya hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki wakati huo. Ni kinga nzuri, ila huja wakati mdaiwa ameshaumia.

Kutokana na haya mtu angeweza kudhani kwamba riba ya kawaida ndiyo nafuu siku zote. Sivyo, na jambo hili naona linastahili kusemwa kwa sauti, kwa kuwa mikopo mingi ya biashara ndogo hailipwi kwa mkupuo bali kwa marejesho ya kila mwezi.

Turudi kwenye zile 100,000, safari hii zikilipwa kwa miezi 10. Mkopeshaji wa kwanza anapiga asilimia 5 juu ya mkopo wote hadi mwisho: 5,000 mara 10, riba 50,000, rejesho 15,000 kila mwezi. Wa pili anapiga asilimia 5 juu ya salio lililobaki. Mdaiwa anapunguza 10,000 ya mkopo kila mwezi, hivyo riba ni 5,000 mwezi wa kwanza, 4,500 wa pili, 4,000 wa tatu, hadi 500 mwezi wa mwisho. Jumla yake ni 27,500. Kwa mkopeshaji wa kwanza, mwezi wa kumi mtu anadaiwa 10,000 tu ya mkopo lakini anatozwa riba ya 5,000, yaani nusu ya pesa aliyobaki nayo. Analipia pesa alizokwisha kuzirudisha.

Kabla ya kutia sahihi, omba jedwali la marejesho, mwezi kwa mwezi, na uangalie safu ya riba. Kama mwezi wa mwisho inalingana na ya mwezi wa kwanza, riba inapigwa juu ya mkopo wote. Kama inashuka, inafuata salio. Kisha tafuta katika mkataba kifungu cha kuchelewa kulipa. Kikisema riba isiyolipwa itaongezwa kwenye deni, mwambie karani akupigie hesabu mbele yako: nikikosa marejesho matatu mfululizo, mwezi wa nne nitadaiwa shilingi ngapi? Na akuandikie.