Kumsitiri rafiki aliyepoteza kazi

Rafiki yako ameachishwa kazi, na wewe una shilingi 50,000 za kumsaidia. Wazo la kwanza ni kushika simu umtumie. Ni rahisi na ni haraka, lakini inaweza kumwacha pabaya kuliko ulivyokusudia. Mtu ambaye mshahara umekatika mara nyingi ameshaanza kukopa kidogo kidogo kwenye simu, kwa Songesha huku Tanzania au Fuliza kule Kenya, na deni la namna hiyo hujilipa lenyewe. Fedha ikiingia tu, mtandao unachukua chake kwanza. Wewe umetuma 50,000, yeye ameona 18,000. Sasa ni lazima akushukuru kwa fedha ambayo hakuishika, na aamue kama akwambie imeliwa na deni. Wengi hawasemi. Wanaandika "Asante sana, Mungu akubariki", kisha wanaanza kukukwepa.

Nimeishi na watu waliokosa kazi, ndugu na marafiki, na naamini kwamba kinachowaumiza si udogo wala ukubwa wa wanachopewa. Kinachowaumiza ni kuonekana wanapewa, na kubaki hawana la kurudisha. Zawadi inayofaa ni ile inayopita kimya mahali ambapo fedha ilikuwa itoke kwake hata hivyo. Na sehemu kama hizo tunazo nyingi, tena tumezizoea.

Chukua umeme. Luku ikiisha nyumbani kwa mtu asiye na kazi, nyumba nzima inajua kabla jua halijazama. Ukiwa na namba ya mita yake unaweza kumnunulia kwa simu yako, ukapata tokeni ya tarakimu 20, ukamtumia kwa ujumbe wa kawaida. Fedha haikupita kwenye simu yake, kwa hiyo hakuna deni la kuidaka, na mtoto anayeingiza namba kwenye mita hana haja ya kujua nani kanunua. Lakini zawadi hii ina hesabu yake, na asiyeijua anaweza kutupa nusu ya fedha yake.

Nyumba nyingi za kawaida ziko kwenye kundi la matumizi madogo. Kwa bei ya kundi hilo, uniti ni shilingi 100, na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 122, mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo, kila uniti inayozidi inahesabiwa kwa 350, na kodi zake juu. Sasa tuseme kwa moyo mkunjufu umemnunulia rafiki umeme wa 20,000 kwa mkupuo. Uniti 75 za kwanza zitachukua kama 9,150. Zile 10,850 zilizobaki zitampa uniti 25 tu. Jumla ni uniti 100. Ungenunua wa 9,000 mwezi huu na wa 9,000 mwezi ujao, angepata karibu uniti 150, nawe ungebaki na chenji. Kumbuka pia kwamba umeme aliojinunulia mwenyewe mwezi huo umo ndani ya zile 75. Kwa hiyo salama ni kununua kidogo, 4,000 au 5,000, na kurudia.

Kuna kingine kinachowashangaza watu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia luku. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023, na mita ikikaa miezi kadhaa bila kununuliwa umeme, malimbikizo yanadaiwa. Ukiona umenunua wa 5,000 na uniti zimekuja chache mno, usidhani umeibiwa. Soma ujumbe mpaka mwisho, utaona makato. Mwezi unaofuata itakatwa ile 1,500 ya mwezi huo tu. Na kabla ya yote hakikisha mita ni ya kwake peke yake. Kwenye nyumba za kupanga, vyumba vitano vinaweza kuchangia mita moja, na hapo zawadi yako itaishia kwenye jiko la umeme la jirani wakati rafiki yako bado anadaiwa mchango wa luku na mwenye nyumba.

Utaipataje namba ya mita bila kumhoji? Kama mmewahi kununuliana umeme, iko kwenye ujumbe wa zamani wa simu yako. Kama hamjawahi, muulize mkewe au mumewe, au mwombe mwenyewe waziwazi: "Kaka, nitumie namba ya luku, wanangu walikesha na televisheni yako Jumamosi nzima." Ila sababu iwe ya kweli. Kama watoto hawakulala kwake, usiwataje. Uongo mdogo wa kumfurahisha mtu mwenye shida huwa anaugundua, kwa sababu siku hizo ana muda mwingi wa kuchambua maneno ya watu.

Mahali pengine ambapo mtu huyu anaumia bila kusema ni kwenye kundi la WhatsApp la harusi. Kamati imeundwa, mweka hazina anabandika orodha kila jioni: jina, ahadi, alichotoa, alichobakiza. Rafiki yako aliahidi 100,000 mwezi wa pili akiwa na mshahara. Mwezi wa nne hana kazi, na jina lake liko pale namba 23, mbele yake kistari. Watu mia moja wanakiona kistari kile kila siku. Wapo waliovunja urafiki wa miaka mingi na bwana harusi kwa sababu tu waliona bora kutoka kwenye kundi kuliko kuendelea kusomwa.

Hapa usiamue peke yako. Ukimlipia kimyakimya, ataona jina lake limelipiwa, atauliza hadharani "Nani kanilipia?", na sitara yote itakuwa imekwisha. Mpigie kwanza. Mwambie unaweza kutoa yote, au unaweza kuongea na mweka hazina ahadi yake ipunguzwe iwe 30,000, au jina lake lihamishiwe kwenye kamati ya chakula au usafiri, kwa sababu mtu anayeshinda ukumbini kuanzia saa nne asubuhi akipokea viti ametoa kitu ambacho kamati ingelipia kibarua. Wengi wakipewa nafasi huchagua hili la mwisho, na wanalifanya vizuri kuliko waliotoa fedha. Mweka hazina mwenye busara hahitaji kuelezwa zaidi ya sentensi moja. Na ikiwa kuna sare, muulize kuhusu kitambaa mapema, kabla fundi hajajaza oda, kwa sababu mchango bila sare bado utamfanya abaki nyumbani siku ya siku.

Zawadi ninayoiheshimu kuliko zote, na ambayo watu hawaifikirii, ni kubadilishana zamu ya upatu. Nilimwona dada mmoja wa Tabata akiifanya. Walikuwa wanawake kumi, kila wiki 20,000, kwa hiyo anayepokea anaondoka na 200,000. Yeye alikuwa wa tatu. Shoga yake, ambaye hoteli aliyofanyia kazi ilikuwa imepunguza watu, alikuwa wa tisa. Alimfuata jikoni, si kwenye kikao, akamwambia: "Shoga, zamu yangu inanikuta sina la kuifanyia. Nikipokea sasa nitaila. Wewe chukua ya tatu, mimi niachie ya tisa, inikute na ada za Januari." Ilikuwa kweli, maana anasomesha watatu. Yule mwenzake hakupewa kitu. Alipokea fedha ambayo ilikuwa yake tangu mwanzo, isipokuwa ilifika wiki sita mapema, ikalipa kodi ya chumba na kununua mtungi, unga na mafuta ya kuanzia kukaanga maandazi.

Lakini tazama upande wa pili wa hesabu. Aliyepokea wiki ya tatu bado anadaiwa wiki saba, yaani 140,000. Akishindwa, kijumbe hatamfuata yeye, atamfuata aliyeomba mabadiliko. Ndiyo maana dada yule, kabla hajaingia jikoni kwa mwenzake, alikuwa ameshaamua moyoni kuwa akilazimika ataibeba ile 140,000 bila kulalamika. Asiye na uwezo huo asibadilishe. Ni afadhali amlipie mwenzake wiki mbili tatu za mchango, ili asitolewe kwenye upatu na kupoteza mahali ambapo angepata fedha ya pamoja. Mabadiliko lazima kijumbe ayajue na ayaandike, maana zamu zilizobadilishwa kwa mdomo tu zimewagombanisha watu walioshiba, sembuse wenye dhiki. Kwa upande wao, wiki ya tano na ya saba zilikuwa ngumu. Wiki ya saba dada alitoa ile 20,000 mwenyewe, na mwenzake akamrudishia kwa maandazi ya wanawe ya asubuhi mpaka ikaisha. Waliandika kwenye daftari, kwa kuwa mwenye deni ndiye aliyetaka yaandikwe.

Chakula nacho kina taratibu zake. Wakati wa Ramadhani, pwani, sahani za futari zinavuka vibaraza kila jioni na hakuna anayehesabu. Huo ni msimu mzuri wa kumpelekea rafiki kilicho kingi. Shida ni kwamba sahani yetu hairudi tupu. Ukipeleka bakuli la kioo lenye kuku wa nazi kwa mtu asiye na kitu, umemwachia mtihani wa kesho. Atakaa na bakuli lako wiki nzima akitafuta cha kurudishia, na mwishowe ataona haya kukutana nawe. Peleka kwenye chombo kisichorudi. Au, vizuri zaidi, mwombe mapema kitu alicho nacho: ndimu za mti wake, majani ya mchaichai, mkono wa kukuna nazi. Sahani ikitangulia kutoka kwake, yako inakuwa marejesho.

La mwisho ni lini utoe. Mwezi wa kwanza baada ya kuachishwa, simu zinaita, watu wanakuja na sukari na pole, na pengine kuna malipo ya kuondokea. Dhiki huanza pale watu wameshazoea kuwa fulani yuko nyumbani. Wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwa hiyo aliyeachishwa Februari akiwa amelipa Januari anaweza kuonekana mzima mpaka Juni, kisha mambo yote yakamwangukia mwezi mmoja. Ile 50,000 uliyokuwa unataka kumtumia leo igawe: umeme wa 5,000 kila mwezi kuanzia mwezi wa tatu, na iliyobaki iweke mpaka tarehe yake ya kodi. Tarehe hiyo mara nyingi unaijua, kwa sababu kila mwaka alikuwa akiilalamikia mbele yako.