Mageti, Madirisha na Namba Inayoamua Kila Kitu

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi akiambiwa ajumlishe matriksi mbili, haulizi swali: kila namba inajumlishwa na mwenzake aliye mahali pale pale. Akifika kwenye kuzidisha, utaratibu unabadilika ghafla. Sasa anaambiwa achukue safumlalo ya matriksi ya kwanza, aipitishe juu ya safuwima ya matriksi ya pili, azidishe jozi kwa jozi, halafu ajumlishe. Kwa nini? Mara nyingi hapati jibu, na kanuni anaikariri tu.

Jibu linaonekana vizuri kwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Tuseme fundi anatengeneza mageti na madirisha. Wiki ya kwanza ametoa geti 1 na madirisha 4; wiki ya pili, mageti 3 na madirisha 2. Geti moja linakula mabomba 7 ya mraba na makopo 2 ya rangi. Dirisha moja linakula mabomba 3 na kopo 1. Matriksi A inabeba kazi za wiki, na B inabeba mahitaji ya kila bidhaa:

```
A = [ 1  4 ]      B = [ 7  2 ]
    [ 3  2 ]          [ 3  1 ]
```

Bosi anataka kujua mabomba yaliyotumika wiki ya kwanza. Fundi, hata kama hajawahi kusikia neno matriksi, atasema: geti moja mara mabomba 7, madirisha manne mara mabomba 3, jumla 19. Hapo ameshapitisha safumlalo ya kwanza ya A juu ya safuwima ya kwanza ya B. Rangi nayo ni 1×2 + 4×1, yaani makopo 6. Wiki ya pili inatoa mabomba 3×7 + 2×3 = 27 na makopo 3×2 + 2×1 = 8.

```
AB = [ 19  6 ]
     [ 27  8 ]
```

Kanuni inayoonekana ya ajabu ubaoni ni hesabu ya kawaida ya stoo. Safumlalo za jibu ni wiki, safuwima zake ni vifaa. Bidhaa, ambazo zilikuwa safuwima za A na safumlalo za B, zimejumlishwa zikamezwa katikati. Ndiyo sababu idadi ya safuwima za matriksi ya kwanza lazima ilingane na idadi ya safumlalo za ya pili.

Mwanafunzi anayezidisha namba kwa namba, kila moja na iliyo mahali pake, anapata 8 kwenye kona ya juu kulia: madirisha 4 mara makopo 2. Lakini makopo 2 ni rangi ya geti, si ya dirisha, kwa hiyo 8 hiyo si kipimo cha kitu chochote. Kompyuta haitamwonya. Kwenye Python, akitumia maktaba ya NumPy, alama ya nyota inafanya kosa hilo hilo bila kulalamika. Kuzidisha kwenyewe kunaandikwa hivi:

```
import numpy as np
A = np.array([[1, 4], [3, 2]])
B = np.array([[7, 2], [3, 1]])
print(A * B)   # [[7 8] [9 2]]
print(A @ B)   # [[19 6] [27 8]]
```

Mpangilio nao si wa kuchezea. BA inahesabika, na namba yake ya kwanza ni 7×1 + 2×3 = 13. Lakini 13 ya nini? Imezidisha mabomba ya geti kwa mageti ya wiki ya kwanza, kisha ikaongeza makopo ya geti mara mageti ya wiki ya pili. Mhandisi aliyezoea kuandika vizio pembeni ya kila namba anagundua upuuzi huu kabla ya kumaliza mstari.

Sasa tugeuze swali. Kitabu cha stoo kinaonyesha mabomba 19 na makopo 6 yametoka, lakini karatasi ya kazi imepotea. Yalitengenezwa mageti mangapi (x) na madirisha mangapi (y)?

```
7x + 3y = 19
2x + 1y = 6
```

Ili kuiondoa y, mlinganyo wa kwanza unazidishwa kwa 1, wa pili kwa 3, kisha wa pili unatolewa kwenye wa kwanza. Kinachobaki ni (7×1 − 3×2)x = 19×1 − 3×6, yaani 1x = 1. Geti ni moja, na y inakuwa 4. Namba iliyosimama mbele ya x, 7×1 − 3×2, ndiyo determinanti. Haikushushwa na mtu. Imejitokeza yenyewe wakati wa kuondoa kisichojulikana, na ukiamua kuiondoa x kwanza utaikuta tena. Kihistoria pia determinanti ilitangulia: Mjapani Seki Takakazu aliishughulikia mwaka 1683, Gabriel Cramer akachapisha kanuni yake mwaka 1750, na Arthur Cayley akaja kutoa andiko lake juu ya matriksi mwaka 1858.

Kwa kuwa mwishoni tunagawanya kwa determinanti, ikiwa sifuri kazi inakwama. Chukua geti jepesi linalokula mabomba 6 na makopo 2, na dirisha lile lile la mabomba 3 na kopo 1. Determinanti ni 6×1 − 3×2 = 0. Geti moja linakula sawasawa na madirisha mawili, hivyo stoo haiwezi kuyatofautisha. Yakitoka mabomba 21 na makopo 7, huenda ni madirisha 7, au geti 1 na madirisha 5, au mageti 2 na madirisha 3, au mageti 3 na dirisha 1. Yakitoka mabomba 19 na makopo 6, hakuna jibu kabisa: makopo 6 yanadai mabomba 18, basi kitabu kina kosa au bomba moja limepita mlango wa nyuma.

Hatari zaidi ni determinanti iliyo karibu na sifuri, maana hesabu inakubali na jibu linatoka. Rudi kwenye geti la mabomba 7 na makopo 2, lakini dirisha sasa linakula mabomba 3.4 na kopo 1. Determinanti ni 7 − 6.8 = 0.2. Geti moja na madirisha manne yanahitaji mabomba 20.6 na makopo 6. Mtunza stoo akikadiria rangi kuwa makopo 6.1, mlinganyo unajibu: mageti −0.7, madirisha 7.5. Sehemu moja ya kumi ya kopo imeharibu kila kitu. Kosa hilo hilo kwenye karakana ya mwanzo, yenye mabomba 19, lingetoa mageti 0.7 na madirisha 4.7, si sahihi, lakini ukizungusha unabaki na geti moja.

Hata hivyo 0.2 yenyewe isitumike kama kipimo cha hatari. Bomba moja likiwa na mita 6, na stoo ikaamua kuhesabu mita badala ya mabomba, determinanti inapanda hadi 1.2, kubwa kuliko 1 ya karakana ya mwanzo, na majibu mabovu yanabaki vile vile. Cha kuangalia ni uwiano: geti linatumia mabomba 3.5 kwa kila kopo, dirisha 3.4. Bidhaa mbili zinazofanana kiasi hicho hazitenganishwi na kitabu cha stoo, na dawa si kuongeza desimali bali kupima kitu cha tatu, kwa mfano bawaba, ambazo mageti na madirisha yanazitumia kwa viwango tofauti.