Kabla ya Kuisafisha Foleni

Mteja wa duka la mtandaoni akishalipa, programu ya malipo haingojei ghala lijibu. Huandika ujumbe wenye namba ya oda na kuuweka kwenye foleni, programu ya ghala ije kuuchukua kwa wakati wake. Ghala likishindwa kuushughulikia, ujumbe hurudi kwenye foleni na kujaribiwa tena. Katika SQS, huduma ya foleni ya Amazon, mwenye mfumo hupanga mwisho wa majaribio, tuseme matano. Baada ya hapo ujumbe huhamishiwa foleni ya pembeni, ambayo mafundi huiita DLQ.

Tuseme asubuhi moja DLQ hiyo ina jumbe 240 na kengele ya tahadhari hainyamazi. Amri ya `PurgeQueue` itaimaliza kazi kwa dakika moja, na hapo ndipo penye hatari. Haichagui, haiwezi kutenguliwa, na hata ujumbe unaoingia wakati usafishaji unaendelea unaweza kufutwa. Kila ujumbe pale huenda ni mtu aliyelipa na bado hajapata mzigo wake.

Kwanza soma jumbe zote na uzinakili kwenye faili. SQS hutoa zisizozidi 10 kwa mara moja, na ujumbe uliosomwa hufichwa kwa sekunde 30 tu usipobadilisha mpangilio. Uongeze muda huo, la sivyo utazisoma zilezile tena na tena.

Kisha linganisha namba za oda na kumbukumbu za ghala. Katika mfano wetu, oda 45 zilikwisha kutumwa. Hizo zifute mojamoja kwa `DeleteMessage`. Jumbe 15 hazina anwani, na zikirudishwa zitakwama vilevile, kwa hiyo zihamishie foleni yake ukamtafute mteja. Zilizobaki, 180, zilikwama kwa sababu hifadhidata ya ghala ilizimika usiku. Hazina kosa lolote. Hifadhidata ikishatengemaa, zirudishe polepole:

```
aws sqs start-message-move-task \
  --source-arn ARN_YA_DLQ \
  --max-number-of-messages-per-second 5
```

Amri hii nayo haichagui, ndiyo maana uchambuzi hutangulia.

Uchambuzi huo hauwezi kungoja sana. SQS huhifadhi ujumbe siku 4 usipoibadilisha, na kikomo ni siku 14. Katika foleni ya kawaida, siku huhesabiwa tangu ujumbe ulipoingia foleni ya kwanza, si tangu ulipofika DLQ. Ujumbe uliokaa siku 3 kule utafutika baada ya siku moja huku, bila mtu kugusa kitu. Ipe DLQ siku zote 14 tangu unapoiunda.

Wakati wa kurudisha, tazama `ApproximateNumberOfMessages` ya DLQ. Ikishuka kisha ikaanza kupanda, chanzo hakijapona. Simamisha kwa `cancel-message-move-task`; zilizokwisha kuhama hazitarudishwa na amri hiyo, ila zilizobaki zitakuwa salama mpaka hifadhidata itengenezwe.