Mwalimu Mkuu Anapoazima Rejista za Zamani

Barua nyingi za shule huleta habari ya mchango au ya kikao cha wazazi. Hii inauliza kama kuna rejista ya zamani nyumbani kwenu: lile daftari pana lenye majina ya wanafunzi upande wa kushoto na vijiraba vya siku upande wa kulia. Mwalimu mkuu anaomba kuliazima, kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kisha kulirudisha.

Mzazi anaweza kushangaa: rejista ya serikali imefikaje sebuleni kwa mtu? Kwa Tanzania jibu ni rahisi. Azimio la Musoma la 1974 liliuweka mwaka 1977 kuwa mwaka wa kufikia elimu ya msingi kwa wote, ile tunayoiita UPE. Watoto wakafurika shuleni, na shule nyingi hazikuwa na ofisi ya maana, sembuse kabati lenye kufuli. Mwalimu wa darasa alikwenda na rejista nyumbani ili ajumlishe mahudhurio ya mwezi kwa mwanga wa kandili. Siku akihamishwa au akistaafu, daftari lilibaki sandukuni. Leo mjukuu wake anasoma darasa la nne katika shule ile ile, na ndiyo maana barua inapitia kwa wazazi.

Kwa mtazamo wa sheria, kumbukumbu iliyoandikwa na mtumishi wa umma akiwa kazini ni mali ya umma. Tanzania ina sheria ya kumbukumbu na nyaraka tangu 2002. Mwalimu mkuu angeweza basi kudai rejista zirudi mara moja, lakini barua ya namna hiyo ingewatisha watu. Mjane wa mwalimu akisoma maneno “mali ya serikali”, atahofia kwamba marehemu mumewe ataitwa mwizi, na daftari litaishia jikoni kuwashia moto. Kwa hiyo barua nzuri inaomba kuazima tu, na inatamka wazi kwamba hakuna atakayeulizwa amelipataje. Sehemu yake kuu inaweza kusomeka hivi:

“Ndugu mzazi, tunaomba kuazima rejista yoyote ya shule yetu ya kabla ya 2000, hata ikiwa imechanika au imeliwa na mchwa. Tafadhali usiisafishe, usiigundishe kwa selotepu, wala usiianike juani. Utapewa stakabadhi yenye sahihi na mhuri, na daftari litarudi mikononi mwako ndani ya siku 14. Ukipenda lisitoke nyumbani, tutakuja kulipiga picha hapo hapo.”

Kila katazo lina sababu yake. Gundi ya selotepu hugeuka rangi ya kahawia baada ya miaka na kupenya kwenye karatasi, na ukiibandua huondoka na wino. Jua kali hupausha wino na kuikausha karatasi hadi ikatike ikikunjwa. Kurasa zilizoshikamana kwa unyevu zikilazimishwa huacha majina ya upande mmoja yamebaki upande wa pili. Zinahitaji kukaa kivulini penye hewa, zikauke taratibu, na zikigoma kuachana ziachwe hivyo hivyo.

Kazi yenyewe haihitaji mashine ya gharama. Skana ya ofisini inayovuta karatasi moja moja haifai kabisa, kwa kuwa ingelazimu kuuvunja mshono wa daftari. Simu yenye kamera nzuri inatosha, mradi ifungwe kwenye stendi na itazame chini wima. Meza huwekwa karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, na flashi izimwe kwa sababu huacha doa jeupe katikati ya ukurasa. Rula huwekwa pembeni mwa daftari ili atakayeitazama picha ajue ukubwa halisi. Jalada hupigwa kwanza, halafu kila ukurasa kwa mfuatano, hata ulio mtupu, ili mtu asije akadhani kuna ukurasa uliorukwa.

Kinachoharibu kazi hizi mara nyingi ni majina ya mafaili. Simu ikiachiwa iyaite yenyewe, baada ya rejista tatu hakuna atakayejua picha ipi ni ya darasa lipi. Afadhali jina kama `REJ_1979_D3B_014.jpg`: rejista ya 1979, darasa la tatu B, picha ya kumi na nne. Picha huhifadhiwa mahali pasipopungua patatu, na pamoja pawe nje ya shule, maana kompyuta ikiibwa na diski iliyokaa droo ile ile huondoka nayo.

Picha zikikamilika ndipo huanza kunakili majina na mahudhurio kwenye jedwali la kompyuta. Hapa walimu wa zamani waliacha msaada mkubwa, yaani jumla zao. Tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 48 walioitwa asubuhi na mchana kwa siku tano. Mahudhurio yanayowezekana ni 480. Mwalimu ameandika chini ya wiki kwamba waliohudhuria ni 431 na wasiohudhuria 49. Anayenakili akipata 430 na 50, anajua kuna alama moja aliyoisoma vibaya au mwalimu mwenyewe alikosea hesabu. Anashuka mstari kwa mstari akilinganisha na jumla ya kila mwanafunzi mpaka auone mstari usiokubaliana. Kama kosa ni la mwalimu, halisahihishwi kimyakimya. Huandikwa kama lilivyo, na maelezo huwekwa kando.

Majina yana ugumu wake. Mtoto yule yule anaweza kuwa Athumani darasa la kwanza, Asumani la pili, na la tatu akaandikwa kwa jina la babu. Anayenakili huandika kilichopo kwenye ukurasa, kisha huweka safu nyingine ya kuonyesha kwamba pengine ni mtu mmoja. Alama nazo hutofautiana: herufi aliyoitumia mwalimu mmoja kwa mgonjwa, mwingine aliitumia kwa mtoro. Ndiyo maana barua huongeza ombi dogo: kama aliyeandika rejista yu hai, aketi na mwalimu mmoja wa leo amfafanulie alama zake.

Jambo zito zaidi limo kwenye safu ya maelezo. Humo mna maradhi, mna utoro, na mna wasichana walioondolewa shule kwa ujauzito, jambo lililokuwa la kawaida kabla serikali haijawaruhusu kurudi masomoni mwishoni mwa 2021. Msichana aliyeandikwa hivyo mwaka 1985 leo ni bibi wa mtu, na huenda mjukuu wake anasoma hapo. Picha moja ya ukurasa huo ikitupwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, aibu ya miaka 40 hufufuka kwa dakika moja. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na rejista hizi zimejaa taarifa za watu walio hai.

Kwa hiyo barua inapaswa kutaja nani ataziona picha. Utaratibu unaofaa ni kuacha picha kamili mikononi mwa mwalimu mkuu na mtunza kumbukumbu mmoja. Mtu akija kutafuta ushahidi wa umri wake au wa kwamba alisoma hapo, hapewi ukurasa mzima. Hutolewa mstari wake peke yake, majina ya wenzake yakiwa yamefunikwa, pamoja na jina la faili ilikotoka, sahihi ya mwalimu mkuu na mhuri wa shule.